Mwongozo kamili: kusafisha maji ya mto yenye tope kwa shabu, kuanzia tochi hadi ndoo ya lita 20

Kila masika malalamiko ni yale yale. Mtu ameletewa maji ya mto, au boza limemshushia maji ya rangi ya udongo, akatia kipande cha shabu, akakoroga kwa nguvu, akasubiri, na asubuhi maji bado yana ukungu. Mwingine akaongeza kipande cha pili na ukungu ukazidi. Wa tatu anaapa kwamba shabu ya siku hizi ni feki.

Mara nyingi shabu haina kosa. Kosa liko kwenye kiasi na kwenye mkorogo, na vyote viwili vinarekebishika ukishajua tope linafanya nini ndani ya maji. Mwongozo huu unatumia maji ya Mto Ruvu, ambao ndio unaoleta sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam, lakini hatua ni zile zile kwa mto wowote wenye udongo.

## Vitu vya kuandaa

- Shabu nyeupe yenye kung'aa, gramu 50. Inapatikana kwenye maduka ya viungo na dawa za asili, Kariakoo ziko nyingi. Mwombe muuzaji akupimie gramu 50 kamili kwenye mizani yake, kisha uitwange iwe unga.
- Maji safi lita 5, ya chupa au ya bomba yaliyo maangavu, kwa ajili ya kuyeyushia shabu.
- Maji ya mto lita 15 hivi ya majaribio.
- Chupa tupu za maji za lita 1.5, angalau saba, zote za aina moja. Kata shingo, pima lita 1 na uweke alama kwa kalamu ya wino usiofutika.
- Bomba la sindano la mililita 10, bila sindano yenyewe, kutoka duka la dawa.
- Bilauri ya kioo yenye kuta nyoofu, isiyo na maua wala mikwaruzo.
- Tochi ya simu, na kipande cha boksi chenye tundu la upana wa penseli.
- Chumvi ya mezani, na magadi soda laini ya paketi yale ya kuokea keki. Magadi ya mawe yaache, hayafanani nguvu.
- Vijiko virefu, saa, daftari, na kitambaa safi cha pamba.

Unapochota maji, tumia ndoo yenye kamba na ubaki ukingoni. Ruvu ina mamba na viboko, na maji ya masika yana kasi kuliko yanavyoonekana.

## Kwanza fahamu: kwa nini tope halizami

Chota maji ya mto, yaache yatulie dakika kumi. Chini utaona mchanga umekaa, juu maji bado ni ya kahawia. Umekwisha kutenganisha vitu viwili visivyofanana.

Chembe ya mchanga mwembamba yenye upana wa sehemu ya kumi ya milimita huzama sentimita 10 kwa sekunde kumi na kitu. Chembe ya udongo wa mfinyanzi yenye upana wa mikromita 1, yaani sehemu ya elfu moja ya milimita, huhitaji zaidi ya siku nzima kuzama sentimita hizo hizo. Ikiwa ndogo mara kumi zaidi ya hapo, ingehitaji zaidi ya miezi mitatu, tena kwenye maji yaliyotulia kabisa, jambo ambalo ndoo ya nyumbani hailijui: mchana ukiwa na joto maji huzunguka yenyewe na kuzirudisha juu. Mwendo hupungua haraka hivyo kwa sababu hufuata upana wa chembe ukizidishwa kwa wenyewe; ukipunguza upana mara kumi, mwendo hupungua mara mia.

Chembe za ukubwa huo, kuanzia takriban nanomita 1 hadi mikromita 1, zikiwa zimetapakaa ndani ya kitu kingine bila kuyeyuka, ndizo tunaziita koloidi.

Lakini udogo peke yake hauelezi kila kitu. Chembe hizi hugongana mara nyingi sana. Kama zingekuwa zinashikana kila zinapogongana, zingejenga mabonge na kuzama. Hazishikani kwa sababu udongo wa mfinyanzi una chaji hasi. Ndani ya matabaka yake, baadhi ya nafasi za silikoni zimekaliwa na alumini, na baadhi ya nafasi za alumini zimekaliwa na magnesiamu. Kila badiliko la namna hiyo huacha chaji hasi isiyofutwa. Chembe mbili zenye chaji hasi zikikaribiana husukumana. Ipo nguvu nyingine inayozivuta pamoja, ila hiyo hufanya kazi zikiwa zimekaribiana mno, na msukumano haukubali zifike huko.

Kwa hiyo kazi yako si kuzisukuma chini. Kazi yako ni kuondoa msukumano, kisha kuzipa nafasi ya kukutana. Sehemu ya kwanza inafanywa na chumvi, na shabu nayo ni aina ya chumvi; ya pili inafanywa na mkono wako.

## Hatua ya 1: Soma maji kwa tochi

Hii ndiyo mizani yako katika mwongozo wote, kwa hiyo usiiruke.

Jaza bilauri maji ya mto yaliyotulia dakika kumi. Zima taa. Funika tochi ya simu kwa boksi lenye tundu, uielekeze ubavuni mwa bilauri, kisha tazama kwa upande, si kwa mbele. Utaona mwale ndani ya maji, kama unavyouona mwanga wa jua ukipita kwenye tundu la bati katika chumba chenye vumbi.

Fanya vivyo hivyo kwa maji safi uliyoyeyushia kijiko cha chumvi. Kijiko kizima kimo humo, lakini mwale hauonekani, au unaonekana kwa taabu.

Sababu ni ukubwa. Mwanga tunaouona ni wimbi lenye urefu wa kati ya nanomita 400 na 700. Chumvi iliyoyeyuka imevunjika kuwa ayoni ndogo kuliko nanomita 1, na wimbi hupita juu yake karibu bila kuitambua. Chembe ya udongo inakaribia urefu wa wimbi lenyewe, na zaidi ya hapo, mwanga hupinda kwa kiwango tofauti ndani ya udongo na ndani ya maji. Wimbi likikutana na tofauti hiyo hutawanyika pande zote, na sehemu ya mwanga uliotawanyika hukufikia wewe uliyekaa pembeni. Hii huitwa athari ya Tyndall. Ukungu unaouona kwa macho mchana ni huo huo mtawanyiko, ila umetokea kwa mwanga wa kila upande.

Andika mambo mawili: mwale unafika umbali gani kabla haujapotea, na rangi yake. Kwenye maji ya masika mwale hufa sentimita chache kutoka ukutani, na ni wa kahawia mzito. Kadiri maji yanavyosafika, mwale hurefuka, hufifia, na mara nyingi huelekea kwenye ubuluu. Ubuluu huo unatokana na chembe ndogo sana zilizobaki: chembe ndogo kuliko urefu wa wimbi hutawanya mwanga wa buluu zaidi kuliko mwekundu.

Angalizo: usitumie chupa ya plastiki yenye mikunjo kwa kipimo hiki. Plastiki yenyewe hutawanya mwanga, na utadhani maji ni machafu.

## Hatua ya 2: Jaribu chumvi ya mezani kwanza

Hatua hii haitakupa maji ya kunywa. Inakuonyesha kwa macho yako kwamba tatizo ni chaji, na kwa nini shabu inashinda.

Weka lita 1 ya maji ya mto kwenye chupa mbili. Ya kwanza iache. Ya pili tia kijiko cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, takriban gramu 6, koroga taratibu dakika kumi, iache saa kadhaa.

Ikienda vizuri, chupa yenye chumvi itaonyesha mstari: juu maji mepesi, chini udongo, na mstari unashuka kadiri muda unavyopita. Chupa ya kwanza haina mstari, ina kahawia tupu kutoka juu hadi chini.

Kilichotokea ni kwamba ayoni chanya za sodiamu zimejazana kuizunguka kila chembe na kuifunika chaji yake hasi. Msukumano sasa unaishia karibu na uso wa chembe, hivyo chembe zinaweza kusogeleana hadi zikamatane. Jambo hilo hutokea bila kipimo kila mahali mto unapoingia baharini: maji ya mto yenye udongo hukutana na chumvi ya bahari, udongo hugandamana na kutua, na ni sababu mojawapo ya matope unayoyaona bahari ikikupwa pale Msimbazi unapomwaga chini ya Daraja la Selander.

Ubaya wake ni wazi ukionja. Gramu 6 kwa lita ni maji ya chumvi.

Hapa ndipo aina ya chumvi inapoleta tofauti kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ayoni ya sodiamu ina chaji 1, ya kalisiamu ina 2, ya alumini ina 3. Ungetegemea kalisiamu iwe na nguvu maradufu na alumini mara tatu. Sivyo. Kwa koloidi yenye chaji kubwa, kanuni ya Schulze na Hardy inasema kiasi kinachohitajika hupungua kwa chaji ikipandishwa kwenye kipeo cha sita: kalisiamu huhitajika pungufu takriban mara 64 na alumini pungufu mara 729, ukihesabu kwa idadi ya ayoni. Kwenye maji halisi namba haziwi nadhifu hivyo, ila mwelekeo ni huo, na ndiyo maana chini kabisa ya mwongozo huu utaona tunatumia miligramu pale ambapo chumvi ya mezani ilidai gramu.

## Hatua ya 3: Tengeneza maji ya shabu

Shabu ya dukani kwa kawaida ni salfeti ya potasiamu na alumini, KAl(SO₄)₂·12H₂O. Yeyusha gramu 50 ndani ya lita 5 za maji safi, ukitikisa mpaka punje zote ziishe.

Sasa una gramu 10 kwa lita, na hesabu inakuwa rahisi mno: kila mililita 1 ina miligramu 10 za shabu. Mililita 1 ndani ya lita 1 ya maji ya mto ni miligramu 10 kwa lita.

Ndiyo sababu nakataa kabisa ule utaratibu wa kuzungusha kipande cha shabu ndani ya ndoo kwa mkono. Huwezi kujua kimeyeyuka kiasi gani, na ndoo ya leo haitafanana na ya kesho hata ukizungusha mizunguko ile ile. Kipande kikubwa huyeyuka taratibu, kipande kilichochongoka huyeyuka haraka, na wewe huna namba ya kuandika.

Maji haya ya shabu yanapaswa kuwa maangavu. Yakiwa na weupe wa maziwa, ama umetumia maji machafu, ama yamekaa muda mrefu na alumini imeanza kujitenga. Yamwage. Tengeneza mapya kila siku chache, weka lebo, na uyahifadhi mbali na watoto, kwa kuwa ni makali kama tindikali hafifu.

## Hatua ya 4: Panga chupa sita

Jaza chupa sita maji ya mto hadi alama ya lita 1. Koroga ndoo kubwa kabla ya kila mchoto ili chupa zote zianze sawa. Kisha weka kwenye daftari kiasi cha kila moja:

1. Chupa ya 1: bila shabu
2. Chupa ya 2: mililita 1 (miligramu 10 kwa lita)
3. Chupa ya 3: mililita 2 (20)
4. Chupa ya 4: mililita 4 (40)
5. Chupa ya 5: mililita 8 (80)
6. Chupa ya 6: mililita 16 (160)

Tunazidisha maradufu kwa makusudi. Hujui kiasi sahihi kiko wapi, na kuruka kwa hatua kubwa kunakuonyesha upande gani wa kutafuta. Chupa ya 1 ndiyo shahidi wako. Bila hiyo hutajua kama maji yamesafika kwa shabu au kwa kutulia tu.

Ita vijana wa nyumbani wawili, kila mmoja ashike chupa mbili nawe mbili. Mtu mmoja hawezi kukoroga sita kwa haki.

## Hatua ya 5: Koroga kwa nguvu, dakika moja

Anza kukoroga kwanza, ndipo usukume shabu kwa bomba la sindano ndani ya maji yanayozunguka. Mizunguko miwili kwa sekunde, kwa dakika moja.

Alumini ikigusa maji ya mto haibaki ayoni ya chaji 3. Ndani ya sekunde chache hushikana na maji na kuwa hidroksidi, ikipitia maumbo yenye chaji chanya ambayo hushikamana na udongo na kufuta chaji yake. Ukiimwaga kwenye maji yaliyotulia, yote hutumika palipodondokea, na sehemu nyingine ya chupa haipati kitu. Hii ndiyo sababu nguvu inatakiwa hapa, na hapa tu.

Usitarajie kuona mabadiliko makubwa. Mwishoni mwa dakika maji bado ni machafu.

## Hatua ya 6: Koroga polepole, dakika 15

Punguza hadi mzunguko mmoja kila sekunde mbili au tatu. Huu ndio mlango ambao wengi wanaangukia, kwa sababu unachosha na unaonekana kama hufanyi kitu.

Chembe sasa hazisukumani, lakini bado lazima zikutane. Mkorogo wa taratibu huzikutanisha. Zinajenga vibonge laini, na ile hidroksidi ya alumini, ambayo yenyewe ni kitu kama utelezi mweupe, huzoa chembe nyingine inapopita. Ukikoroga kwa nguvu unavunja vibonge ulivyojenga, na vibonge vya shabu vikishavunjika haviungani tena vizuri.

Baada ya dakika tano hivi, zima taa na upige tochi kwenye chupa inayoelekea kufanikiwa, hata kama plastiki inaleta mng'ao kidogo. Tafuta kitu kimoja: mwale umekatika kuwa punje punje zinazometameta, na kati ya punje kuna giza. Giza hilo ndilo ushindi. Maana yake maji ya katikati hayana tena cha kutawanya mwanga; koloidi yote imehamia kwenye vibonge. Ukiona punje lakini kati yake bado kuna mwale mnene, shabu haijatosha au imezidi.

Nikiwa na muda wa kuangalia kitu kimoja tu katika zoezi zima, naangalia hicho. Kinakwambia matokeo nusu saa kabla maji hayajatulia.

## Hatua ya 7: Yaache yatulie nusu saa

Toa vijiko bila kutikisa. Weka chupa pasipo jua na pasipo mtetemo, si juu ya friji. Baada ya dakika 30 chota maji ya juu kwa bomba la sindano, weka kwenye bilauri, na ufanye kipimo cha tochi kwa kila chupa.

Usitegemee mwale upotee kabisa. Hata maji ya bomba yaliyo mazuri huonyesha mwale hafifu. Unalinganisha chupa na chupa.

## Mfano: mstari wa chupa unavyosomwa

Tuchukue maji ya Ruvu ya katikati ya masika, na matokeo ya namna hii:

Chupa ya 1 na ya 2 hazina tofauti, mwale unakufa karibu na ukuta. Chupa ya 3 ilionyesha punje ndogo mno wakati wa mkorogo wa polepole, na baada ya nusu saa imepungua uchafu lakini ina ukungu. Chupa ya 4 ilijenga vibonge vya ukubwa wa kichwa cha pini, giza kati yake likaonekana, na maji yake ya juu yana mwale hafifu unaofika upande wa pili wa bilauri. Chupa ya 5 ni maangavu vile vile, ila tope lake la chini ni zito na la kupepea. Chupa ya 6 ina ukungu mweupe usiotulia.

Shabu ya miligramu 80 haikuongeza faida juu ya 40, kwa hiyo 80 imetupwa nje. Kati ya 20 na 40 kuna mlango. Rudia kwa chupa tatu: 25, 30 na 35, yaani mililita 2.5, 3 na 3.5. Tuseme 30 ikawa sawa na 40 na 25 ikawa na ukungu. Kiasi chako ni miligramu 30 kwa lita.

Kwa ndoo ya lita 20: 30 × 20 = miligramu 600, ambazo ni mililita 60 za maji yako ya shabu. Kwa simtanki la lita 1,000 ni gramu 30 za shabu, sawa na lita 3 za maji hayo. Linganisha na chumvi ya mezani ya Hatua ya 2: gramu 6 kwa lita dhidi ya gramu 0.03. Mara 200.

Kwenye ndoo, koroga kwa mwiko: dakika moja kwa nguvu, dakika 15 taratibu, kisha saa nzima ya kutulia badala ya nusu, kwa sababu kimo cha maji ni kirefu zaidi. Mimina maji ya juu kwa uangalifu kupitia kitambaa, na uache sentimita chache za chini. Tope la chini limwage shimoni au shinani mwa mti, si mferejini.

## Chupa ya 6 imeharibika kwa nini?

Hapa ndipo penye utata, na ndipo alipokwama yule aliyeongeza kipande cha pili. Ziko sababu mbili, na zinatofautishwa kwa jaribio moja.

Sababu ya kwanza ni chaji kugeuka. Ukiweka alumini nyingi kupita kiasi, chembe zinavikwa chaji chanya badala ya kufutwa ile hasi. Zinaanza kusukumana upya, safari hii zote zikiwa chanya.

Sababu ya pili ni tindikali. Alumini inapogeuka kuwa hidroksidi hutoa tindikali, na tindikali hiyo humezwa na bikaboneti iliyomo kwenye maji ya mto. Maji ya masika yamechanganyika na mvua nyingi, na bikaboneti yake huwa chache. Ikiisha, pH hushuka chini, na hidroksidi haijengeki vizuri. Shabu hufanya kazi yake vyema pH ikiwa kati ya 6 na 7.5 hivi.

Jaribio: rudia chupa ya 6, lakini tia magadi soda kabla ya shabu. Kila miligramu 100 za shabu humeza takriban miligramu 53 za magadi soda, kwa hiyo miligramu 160 zinahitaji kama 85. Huwezi kupima hizo jikoni, basi yeyusha kijiko cha chai kilichosawazishwa, takriban gramu 5, ndani ya lita 1 ya maji safi. Mililita 17 za maji hayo zina miligramu 85.

Maji yakisafika, tatizo lilikuwa tindikali. Yakibaki na ukungu, umezidisha shabu na dawa ni kupunguza. Na kama hata chupa ya 4 na ya 5 zilishindwa ilhali ulifuata mkorogo sawasawa, anza na magadi soda kwenye chupa zote kabla hujaenda kumlaumu mwenye duka.

## Baada ya maji kuwa maangavu

Maangavu si salama. Shabu hushusha vijidudu vingi pamoja na tope, lakini wanaobaki wanatosha kumlaza mtu kwa kipindupindu. Chemsha, au tia dawa ya klorini kwa kipimo cha kwenye chupa yake na usubiri dakika 30. Fuata mpangilio huu huu, shabu kwanza, klorini baadaye: kwenye maji yenye tope klorini huishia kwenye uchafu, na vijidudu vilivyojificha ndani ya chembe havifikiwi.

Vitu vilivyoyeyuka havitoki kwa njia hii. Chumvi ya kisima cha Mbagala au Kigamboni haitapungua hata kidogo kwa shabu. Hiyo si koloidi, na tochi yako ilikwisha kukuonyesha kwamba haitawanyi mwanga. Nitrati, dawa za viwandani na sehemu kubwa ya rangi za vitambaa ni hivyo hivyo. Kwa sababu hiyo maji ya Msimbazi yatumie kwa jaribio la tochi darasani tu, hata yakitoka meupe.

Alumini nayo isibaki. Shirika la Afya Duniani linaona mitambo iliyosimamiwa vizuri inaweza kubakiza miligramu 0.1 hadi 0.2 za alumini kwa lita, na nyumbani unakaribia huko kwa mambo mawili tu: kutozidisha kiasi, na kuchuja vibonge vyote. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu asitumie maji haya bila kumuuliza daktari wake.

Namba uliyoipata ni ya maji ya siku ile. Mvua ikinyesha Uluguru, Ruvu huja na udongo mwingine siku chache baadaye, na miligramu 30 zinaweza kuwa 60. Ifikapo Julai huenda 15 zikatosha. Kabla ya kila boza jipya, pima kwa chupa tatu tu: kiasi cha mara ya mwisho, nusu yake, na maradufu yake, kisha upige tochi dakika ya tano ya mkorogo wa polepole.